Kupandisha Riba kwa Mkupuo, kwa Hatua Ndogo, au Kuiacha Ilipo: Ulinganisho wa Njia Tatu za Kukabili Mfumuko wa Bei

Bei zinapopanda huku sarafu ikiporomoka, mjadala ndani ya kamati ya sera ya fedha hauhusu sana kama riba ina uwezo wa kupunguza mfumuko wa bei. Uwezo huo unajulikana. Kinachobishaniwa ni riba ipande kwa kiasi gani, kwa kasi gani, na kama kwa sababu zilizopo mezani inafaa ipande kabisa. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya anayelazimika kulitetea jibu mojawapo, awe mwanafunzi wa uchumi mwenye swali la mtihani, mwandishi wa habari za fedha, au mjumbe wa bodi ya chama cha akiba na mikopo, na ambaye kila akisikiliza upande mmoja anaona una ukweli wake.

Mifano mikuu nimeichukua katika mwaka mmoja, 2011. Mwaka huo mafuta na vyakula vilipanda bei duniani kote, na benki kuu tatu zilizokabiliwa na tatizo la aina moja zilichukua njia tatu tofauti. Kenya ilipandisha riba kwa mkupuo, India ilipanda kwa hatua ndogo, na Uingereza iliiacha ilipo.

Vigezo vya kulinganishia

Riba ya Benki Kuu ni bei ambayo mabenki ya biashara hulipa kupata fedha za muda mfupi. Ikipanda, athari zake hazifiki mahali pote kwa wakati mmoja, na hapo ndipo hoja nyingi hupotoka. Soko la fedha za kigeni hujibu katika saa au siku chache. Mikopo hujibu katika wiki hadi miezi, kutegemea mikataba ya wakopaji inavyosema. Bei za bidhaa hujibu mwisho kabisa, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Kwa hiyo anayeuliza kama riba imefanya kazi hana budi kwanza aseme anatazama kipi kati ya hivyo vitatu, na baada ya muda gani.

Kila njia hapa chini nitaipima kwa mambo hayo matatu, yaani mfumuko wa bei, mikopo na thamani ya sarafu, kisha nitaeleza inaufaa uchumi wa namna gani. Lakini kuna kipimo kimoja kinachopaswa kutangulia vyote, nacho ni riba halisi: riba inayotangazwa, ukitoa mfumuko wa bei unaotarajiwa. Kwa kuwa matarajio hayaonekani kwa macho, wengi hutumia mfumuko uliopo kama kadirio la haraka. Riba ya asilimia 7 penye mfumuko wa asilimia 3 inabana. Riba hiyohiyo ya asilimia 7 penye mfumuko wa asilimia 17 inamlipa mtu akope, kwa sababu atarejesha fedha zilizopungua thamani kuliko zile alizopokea. Asiyefanya hesabu hii ndogo atadhani benki kuu fulani ni kali kumbe imelegea mno.

Njia ya kwanza: kupandisha kwa mkupuo

Katikati ya Septemba 2011 Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imefikisha riba yake asilimia 7, baada ya miezi kadhaa ya kuipandisha kidogokidogo kutoka asilimia 5.75. Mfumuko wa bei mwezi huo ulipita asilimia 17, maana yake riba halisi ilikuwa takribani asilimia 10 chini ya sifuri. Shilingi, iliyoanza mwaka ikiwa karibu 81 kwa dola, ilifika 107 hivi katikati ya Oktoba. Hapo mwendo ukabadilika. Riba ilipandishwa hadi asilimia 11 mwanzoni mwa Oktoba, 16.5 mwanzoni mwa Novemba na 18 mwanzoni mwa Desemba. Ni pointi 11 katika muda usiofika miezi mitatu.

*Mfumuko wa bei.* Ulifika kilele cha asilimia 19.7 mwezi Novemba, wakati riba tayari ilikuwa imepanda sana, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3 na kitu. Ni vizuri kuwa mwangalifu katika kugawa sifa hapa. Sehemu ya mfumuko wa 2011 ilitokana na ukame, na mvua ziliporudi bei za vyakula zingeshuka hata kama riba isingeguswa. Sehemu nyingine ilitokana na shilingi dhaifu iliyopandisha bei ya mafuta na bidhaa za nje, na hiyo riba iliigusa moja kwa moja. Anayesema riba peke yake iliushusha mfumuko kutoka 19.7 hadi 3 na kitu anaipa mvua haki ndogo mno.

*Mikopo.* Hapa ndipo mkupuo unapouma, na inafaa tuone unavyouma. Nchini Kenya wastani wa riba za mikopo ya mabenki ulipanda kutoka kama asilimia 14 mwanzoni mwa 2011 hadi asilimia 20 mwishoni mwa mwaka. Chukua mkopo wa milioni 1 wa miaka 10 wenye riba inayobadilika. Kwa asilimia 14, rejesho la kila mwezi ni takribani 15,527. Kwa asilimia 20, ni takribani 19,326, ongezeko la karibu robo, na mshahara wa mkopaji haujaongezeka. Mabenki mengi hupenda kumsaidia mteja kwa kuacha rejesho palepale na kurefusha muda wa mkopo. Katika mfano huu msaada huo hauwezekani. Kama mkopo ni mpya, riba ya mwezi wa kwanza kwa asilimia 20 ni 16,667, yaani inazidi rejesho la zamani. Mkopaji akiendelea kulipa 15,527 deni lake linakua kila mwezi, na hakuna muda wa kurefusha utakaolimaliza.

Kwa hiyo mkupuo unapofanyika, dalili ya kutazama haiko kwenye takwimu za bei za miezi ya mwanzo. Iko kwenye vitabu vya mabenki: mikopo mingapi imeandikwa upya masharti, mingapi imevuka siku 90 bila kulipwa, na kasi ya kutoa mikopo mipya imeshuka kiasi gani. Nchini Kenya mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka kabla ya riba kupanda. Kufikia mwisho wa 2012 kasi hiyo ilikuwa chini ya nusu. Kwa benki kuu hayo ni mafanikio, kwa kuwa uagizaji wa bidhaa kwa mikopo ulikuwa mmoja wa mizizi ya tatizo. Mwenye kiwanda aliyehitaji mtaji wa kuendeshea shughuli aliona sura nyingine ya ushindi huohuo.

*Thamani ya sarafu.* Hili ndilo eneo ambalo mkupuo una nguvu kuliko njia nyingine zote, na sababu yake ni hesabu tupu. Mwekezaji ana dola 100. Kiwango cha kubadilishia ni 100, kwa hiyo anapata 10,000 za sarafu ya nchi na kununua dhamana ya serikali ya mwaka mmoja. Dola zake angeweza kuziweka kwao kwa asilimia 4 na kupata 104. Anahofia kwamba baada ya mwaka kiwango kitakuwa 108.

Riba ya dhamana ikiwa asilimia 9, atapata 10,900, ambazo kwa kiwango cha 108 ni dola 100.9. Ataondoka. Riba ikipandishwa robo pointi hadi 9.25, atapata dola 101.2, na bado ataondoka. Riba ikifika asilimia 15, atapata 11,500, sawa na dola 106.5. Atabaki, na akibaki yeye na wenzake shinikizo kwenye sarafu linapungua na hofu ya 108 yenyewe inaanza kuyeyuka. Shilingi ya Kenya, baada ya kufika 107, ilimaliza mwaka ikiwa karibu 85 kwa dola.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mpaka wa njia hii. Kama hofu ni kwamba kiwango kitafika 120, riba ya asilimia 15 inampa mwekezaji dola 95.8 tu. Ili abaki ingehitajika riba ya karibu asilimia 25. Na kama hofu ni ya kuporomoka ndani ya wiki, hakuna uchumi unaoweza kulipa bei hiyo kwa muda mrefu. Septemba 1992 benki kuu ya Uswidi ilipandisha riba yake ya usiku mmoja hadi asilimia 500 kwa mwaka ili kulinda kiwango cha krona. Inaonekana wazimu, lakini asilimia 500 kwa mwaka ni chini kidogo ya asilimia 10 kwa wiki, na mtu anayetarajia sarafu ikatwe thamani kwa asilimia 10 wiki ijayo hapati hasara yoyote kwa kukopa krona na kununua fedha za kigeni. Novemba 19 mwaka huohuo krona iliachwa ielee, yaani thamani yake iamuliwe na soko.

*Inamfaa nani.* Njia hii inafaa nchi ambayo riba yake halisi imeshazama chini ya sifuri kwa umbali mkubwa, ambayo sarafu yake inashuka kwa sababu ya hofu kuliko kwa sababu ya kuishiwa kabisa akiba ya fedha za kigeni, na ambayo mabenki yake yana mtaji wa kuhimili mikopo chechefu itakayofuata. Kwa serikali yenye madeni makubwa ya ndani ya muda mfupi ni hatari. Dhamana zinazoiva kila mwezi zitauzwa upya kwa riba mpya, na soko likianza kutilia shaka kama serikali itaweza kulipa, riba ya juu itawafukuza wawekezaji badala ya kuwavuta.

Njia ya pili: kupandisha kwa hatua ndogo

Kati ya Machi 2010 na Oktoba 2011 Benki Kuu ya India ilipandisha riba yake mara 13, mara nyingi kwa robo pointi tu, kutoka asilimia 4.75 hadi 8.5. Jumla ya pointi 3.75 ilichukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

*Mfumuko wa bei.* Bei za jumla, ambazo ndizo India ilikuwa ikizitumia wakati huo kama kipimo kikuu, ziliendelea kupanda kwa zaidi ya asilimia 9 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya 2011, na zilishuka chini ya 8 Desemba. Wakosoaji walisema benki kuu ilikuwa ikilikimbiza gari lililokwisha kuondoka: kila hatua ya robo pointi ilikuta mfumuko umeshatangulia, na riba halisi ilibaki chini ya sifuri hadi hatua ya mwisho. Wenye kuitetea wana hoja pia. Hatua ya kwanza ilichukuliwa wakati uchumi wa dunia ulikuwa bado unajikongoja kutoka kwenye msukosuko wa 2008, na aliyekuwa akifanya uamuzi Machi 2010 hakuwa na njia ya kujua kama hali hiyo ingedumu.

Na hiyo ndiyo faida ya kweli ya hatua ndogo. Benki kuu haijui kwa uhakika riba inayopandishwa leo itabana kiasi gani, kwa sababu matokeo yataonekana mwaka ujao. Ikienda polepole inapata nafasi ya kusoma takwimu kabla ya kuongeza. Ikizidisha, kosa lake ni la robo pointi mbili au tatu, na linarekebishika.

*Mikopo.* Mkopaji hupata muda. Tukirudi kwenye mkopo wetu wa milioni 1, riba ikipanda kutoka asilimia 14 hadi 14.25 rejesho linaongezeka kwa takribani 150 kwa mwezi, kiasi ambacho bajeti nyingi zinaweza kukibeba na ambacho kinampa mwenye mkopo wa riba inayobadilika muda wa kuomba abadilishiwe kuwa wa riba isiyobadilika. Mabenki nayo hupata muda wa kuongeza mtaji.

Tatizo ni kwamba mwendo unaotabirika sana huweza kukosa makali. Kuanzia Juni 2004 hadi Juni 2006 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba mara 17 mfululizo, robo pointi kila mara, kutoka asilimia 1 hadi 5.25. Mwaka mzima baada ya kuanza, riba ya hati fungani za serikali za miaka 10 ilikuwa chini kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Mikopo ya muda mrefu haikuwa imebanwa hata kidogo, ingawa riba ya muda mfupi ilikuwa imepanda mara kadhaa. Sababu hazikuwa moja, na fedha nyingi zilizoingia kutoka nje zilichangia. Lakini wafanyabiashara walioweza kukisia kila hatua ijayo hawakuwa na cha kuogopa.

*Thamani ya sarafu.* Katika soko tulivu, hatua ndogo zinatosha, kwa sababu wawekezaji hupima njia nzima ya riba inayotarajiwa na hawaangalii hatua ya leo peke yake. Benki kuu inayoaminika ikitangaza hatua ya kwanza ya robo pointi, sarafu inaweza kupanda kana kwamba pointi 2 zimeshaongezwa. Katika soko lenye hofu mambo ni tofauti, na tumeshaona kwa nini: mwekezaji aliyehitaji asilimia 15 hawezi kuzuiwa kwa 9.25. Rupia ya India, licha ya kupandishwa riba mara zote hizo, ilishuka kutoka kati ya 44 na 45 kwa dola katikati ya 2011 hadi karibu 53 mwezi Desemba, fedha za wawekezaji wa dunia zilipokimbilia kwenye usalama wa dola. Ukweli ni kwamba hata mkupuo pengine usingeizuia kabisa, maana chanzo kilikuwa nje, katika msukosuko wa madeni ya Ulaya.

*Inamfaa nani.* Njia hii ni ya benki kuu iliyoanza mapema, wakati mfumuko uko juu ya lengo kwa pointi 1 au 2, na yenye rekodi inayofanya maneno yake yaaminike. Inafaa zaidi pale wenye nyumba na biashara wengi wanapokopa kwa riba inayobadilika, kwa kuwa hapo hata robo pointi inafika mfukoni ndani ya miezi michache. Ikianza kwa kuchelewa hupoteza faida yake kubwa. Kenya yenyewe ilijaribu hatua ndogo kati ya Machi na Septemba 2011 kabla ya kulazimika kuingia kwenye mkupuo.

Njia ya tatu: kuiacha riba ilipo

Watu wengi huidhania hii kuwa njia ya woga. Inastahili kusikilizwa kwa haki sawa na nyingine.

*Mfumuko wa bei.* Mnamo 2011 mfumuko wa bei Uingereza ulipanda hadi asilimia 5.2 mwezi Septemba, wakati lengo ni asilimia 2. Riba ilikuwa asilimia 0.5 na ikaachwa hapohapo, ingawa katika mikutano ya mapema mwaka huo wajumbe watatu kati ya tisa wa kamati walipiga kura ipandishwe. Waliobaki waliutazama mfumuko huo kipande kwa kipande. Januari kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 17.5 hadi 20. Mafuta yalikuwa yamepanda duniani. Pauni ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake tangu 2007, na bidhaa za nje zilikuwa bado zinaakisi hilo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponywa kwa kuwabana wakopaji wa ndani, na ongezeko la kodi lina tabia moja nzuri: baada ya miezi 12 linatoka lenyewe kwenye hesabu ya mfumuko, kwa sababu bei za mwaka uliopita nazo zinakuwa tayari na kodi ileile. Kufikia Desemba 2012 mfumuko ulikuwa asilimia 2.7, bila riba kuguswa.

Walijuaje kwamba mfumuko haungeota mizizi? Kipimo cha kutegemewa zaidi kilikuwa mishahara. Bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 5, lakini mishahara ilikuwa ikipanda kwa takribani 2 tu. Wafanyakazi walikuwa wakiumia, na hilo halipaswi kupitiwa haraka, lakini maana yake kwa sera ni kwamba ule mzunguko wa bei kusukuma mishahara na mishahara kusukuma bei haukuwa umeanza. Mwaka huohuo Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa na maoni tofauti: ilipandisha riba mara mbili, Aprili na Julai, hadi asilimia 1.5, kwa sababu ya mfumuko wa chini ya asilimia 3 uliotokana zaidi na nishati. Novemba na Desemba ililazimika kurudisha hatua zote mbili, uchumi wa nchi za euro ukiwa unaelekea kushuka.

*Mikopo.* Kwa mkopaji hakuna mabadiliko ya rejesho, na kwa mwenye biashara hakuna kusitasita kuhusu gharama ya mtaji. Anayelipa ni mwenye akiba. Akiba inayopata asilimia 1 wakati bei zinapanda kwa asilimia 5 inapoteza karibu asilimia 4 ya uwezo wake wa kununua kila mwaka, kimyakimya, bila taarifa yoyote ya benki kuonyesha makato. Mstaafu anayeishi kwa akiba ana haki ya kulalamika kwamba yeye ndiye aliyegharimia huruma waliyopewa wakopaji.

*Thamani ya sarafu.* Hapa kuna mtego mkubwa kuliko yote. Kuiacha riba ilipo wakati mfumuko unapanda ni sawa na kuishusha riba halisi, hata kama hakuna mkutano ulioamua hivyo. Uingereza ilivumiliwa kwa sababu masoko yaliamini kwamba mfumuko ungerudi. Uturuki ilionyesha kinachotokea imani hiyo isipokuwepo. Kati ya Septemba na Desemba 2021 benki kuu yake ilikwenda hata mbali zaidi ya kuiacha riba: iliishusha kutoka asilimia 19 hadi 14 mfumuko ukiwa unapanda. Lira ilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya thamani yake dhidi ya dola mwaka huo, na mfumuko ulifika asilimia 85 Oktoba 2022. Kuanzia Juni 2023 nchi hiyohiyo iligeuka, ikapandisha riba kutoka asilimia 8.5 hadi 50 kufikia Machi 2024. Hata hivyo mfumuko, uliokuwa umeshuka kwa muda, ulipanda tena hadi asilimia 75 Mei 2024 kabla ya kushuka hadi 44 Desemba. Riba ilifika karibu mara sita ya ilivyokuwa mwanzoni, na bado bei zilihitaji karibu mwaka mzima kuanza kutii.

*Inamfaa nani.* Inafaa pale ongezeko la bei lina chanzo kinachoweza kutajwa kwa jina na tarehe, kama kodi mpya, ukame au bei ya mafuta. Pale mishahara haijaanza kufuata. Na pale wananchi wanaamini kwamba benki kuu itachukua hatua ikilazimu. Nchi inayoagiza nje sehemu kubwa ya chakula na mafuta yake haina nafasi kubwa ya kusubiri, kwa sababu sarafu ikishuka asilimia 10 bidhaa za nje zinapanda bei, na ongezeko hilo linaingia kwenye bei za ndani ndani ya miezi michache na kuonekana kama mfumuko mpya.

Kabla ya kuchagua, hakiki njia ambayo riba inapita

Kuna jambo moja linaloweza kuvuruga ulinganisho wote huu, nalo ni riba ya benki kuu kutofika inakotumwa. Njia rahisi ya kulipima ni kutazama riba ambayo mabenki yanakopeshana usiku mmoja. Ikipanda pamoja na riba iliyotangazwa, njia iko wazi. Ikiwa riba iliyotangazwa ni asilimia 12 na mabenki yanakopeshana kwa 5 kwa sababu yana ukwasi wa ziada, tangazo lile ni la karatasi, na kabla ya kupandisha tena benki kuu inapaswa kwanza kuuondoa ukwasi huo sokoni. Vilevile mahali ambapo sheria inaweka ukomo wa riba za mikopo, kama Kenya kati ya 2016 na 2019, riba ikipanda mabenki huacha kumkopesha mteja mwenye hatari kubwa na kununua dhamana za serikali badala yake. Mkopo hauwi ghali, unatoweka.

Jambo la pili la kuhakiki ni mikopo iliyochukuliwa kwa fedha za kigeni. Kampuni inayodaiwa dola na kupata mapato kwa sarafu ya ndani huumizwa zaidi na kushuka kwa sarafu kuliko na riba. Katika uchumi wenye madeni mengi ya namna hiyo, kupandisha riba ili kuiokoa sarafu kunaweza kuwa ndiyo njia inayowahurumia wakopaji, kinyume kabisa na inavyodhaniwa.

Uelekeze uamuzi kwa hali iliyopo

Ikiwa sarafu inashuka kila siku, riba halisi iko chini ya sifuri kwa pointi nyingi, na mabenki yana mtaji wa kutosha, hoja ya mkupuo ina nguvu, mradi hatua ya kwanza iwe kubwa kiasi cha kubadilisha ile hesabu ya mwekezaji. Mkupuo wa nusunusu una gharama zote za mkopaji na hauna faida za soko la fedha za kigeni.

Ikiwa mfumuko umepanda kidogo juu ya lengo, mikopo inakua haraka, mishahara imeanza kuongezeka na sarafu imetulia, hatua ndogo zilizoanza mapema zinatosha, na kila moja ifuatwe na kusoma takwimu za mikopo kabla ya nyingine.

Ikiwa bei zimepandishwa na kodi au ukame, mishahara imetulia, na ukiondoa chakula na nishati mfumuko uko karibu na lengo, kuiacha riba ilipo kunaweza kutetewa, kwa sharti kwamba benki kuu iseme mapema ni takwimu ipi ikivukwa itaifanya ibadilishe msimamo.

Ikiwa akiba ya fedha za kigeni imekwisha, au serikali haiwezi kuzilipa dhamana zake kwa riba mpya, hakuna moja kati ya njia hizi tatu itakayotosha. Hapo swali limeshatoka mikononi mwa kamati ya sera ya fedha na kuingia wizara ya fedha: bajeti ipunguzwe wapi, madeni yapangwe upya na nani, na fedha za kigeni zipatikane kutoka wapi.